Kionjo Kizuri Huishia Kwenye Orodha ya Namba

Mashabiki wa soka Tanzania wanaujua mtindo huu kwa moyo. Ligi ikishaisha, klabu kubwa zinaanza kutoa habari kidogo kidogo. Leo inawekwa picha ya mchezaji mpya aliyefunikwa kivuli, kesho jina lake linatoka. Zinafuata jezi, kisha tiketi, na mwishoni siku yenyewe uwanjani. Simba Day inafanyika tangu mwaka 2009, na Uwanja wa Benjamin Mkapa unabeba watu wapatao 60,000. Julai 2023 Simba walifika mpaka kuzindua jezi zao kileleni mwa Mlima Kilimanjaro. Habari moja ya jezi ikawa safari ya kufuatilia.

Mwenye biashara ndogo akiona hayo, anaiga kile kinachoonekana. Anaweka picha nyeusi yenye maneno "Kitu kikubwa kinakuja", halafu anasubiri. Simba wanaweza kufanya hivyo kwa sababu mashabiki tayari wanajua kinachokuja ni nini, hawajui tu ni nani. Wewe ambaye watu hawajakuzoea, picha nyeusi haiwaambii kitu cha kungojea. Kionjo kinatakiwa kitaje jambo lenyewe na kifiche kipande kimoja tu. Tena kimpe msomaji kazi ya kufanya pale pale, kabla hajasogeza kidole kwenda picha nyingine.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Tanga anaandaa usiku wa taarab Jumamosi ya tarehe 5. Ukumbi una viti 300, kiingilio ni shilingi 10,000, na anayelipa mapema analipa 7,000. Wiki tatu kabla, anaweka kwenye Status yake ya WhatsApp, na kwenye makundi aliyomo, sekunde 20 za mazoezi: vinanda vinasikika, mwimbaji kaupa mgongo kamera. Chini ameandika: "Usiku wa taarab, Tanga, mwanzo wa mwezi. Mwimbaji ni nani? Hifadhi namba hii, kisha nitumie neno TAARAB, utajua wa kwanza."

Maneno "hifadhi namba hii" ndiyo yaliyobeba kionjo chote. Ukituma ujumbe kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp, orodha moja inachukua watu wasiozidi 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyehifadhi haupati, wala wewe hupewi taarifa kuwa haukufika. Wengi wanaolalamika kwamba watu wamewapuuza, kumbe ujumbe haukuwafikia kabisa. Status nayo inafutika baada ya saa 24. Kwa hiyo kionjo kinapimwa kwa idadi ya namba kilizokuletea, na kupendwa na watu kunakuja baadaye. Watu 500 wakikitazama na 9 tu wakatuma neno TAARAB, shida iko kwenye kionjo chenyewe, na bado kuna muda wa kukibadilisha.

Siku nne zinatosha kuficha. Zikizidi, watu wanachoka, na minong'ono inaanza kujaza majibu ya uongo. Siku ya tano mama yetu anamtaja mwimbaji, ukumbi, bei na namba ya kulipia, vyote katika ujumbe mmoja. Waliotuma neno wanaupata asubuhi, watu wengine wanauona jioni. Aliahidi kuwa watajua wa kwanza, na ametimiza.

Sasa anaanza kuhesabu siku. Hapa nina msimamo mkali: hesabu iwe ya mwisho wa kweli. Bei ya 7,000 inakoma Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwa makusudi, kwa sababu siku hizo mishahara imeshatoka. Akiiweka katikati ya mwezi, atakuwa anawahimiza watu wasio na kitu mfukoni. Saa nayo ameichagua kwa akili. Hakuandika "Jumapili saa 6 usiku", maana nusu ya watu wataelewa ni usiku wa kuamkia Jumapili na nusu nyingine wa kuamkia Jumatatu. Ameandika saa 3 usiku, wakati yeye mwenyewe yuko macho na anaweza kumjibu mtu ambaye malipo yake yamekwama kwenye mtandao wa simu. Ikigonga saa 3, bei inapanda. Akiongeza siku mbili "kwa maombi ya wengi", waliowahi watajiona wamefanywa wajinga, na onyesho lijalo kila mtu atasubiri nyongeza.

Tena hahesabu kila siku. "Zimebaki siku 19" haimsukumi mtu popote. Anatangaza zikibaki siku 7, 3 na 1, na kila tangazo lina jambo jipya: siku ya saba ni picha ya bendi nzima, siku ya tatu ni idadi ya viti vilivyobaki. Idadi hiyo iwe ya kweli. Aliyeambiwa vimebaki viti 20, akafika akakuta safu tano tupu, hataamini tangazo lako lijalo.

Vikumbusho ni habari nyingine, na ndipo wengi wanapoteleza. Ujumbe mmoja unatumwa kwa wote, aliyelipa na asiyelipa, na aliyelipa anaanza kujiuliza kama pesa yake ilifika. Mama yetu amegawa daftari lake mara mbili. Wasiolipa wanapata kikumbusho saa chache kabla bei haijapanda, kisha kimoja tu katika wiki ya onyesho. Waliolipa hawaombwi pesa tena, wanaelekezwa tu. Ijumaa mchana wanapata SMS hii kutoka kwenye laini yake ya kawaida:

"Taarab ni kesho Jumamosi. Mlango unafunguliwa saa 1 usiku, waimbaji wanapanda saa 2. Tiketi yako ni namba 114. Kama huji, jibu HAPANA."

Ujumbe huo haufiki herufi 140, na SMS moja inabeba 160. Lakini ukiongeza emoji moja tu, kikomo kinashuka hadi 70, na ujumbe huo huo unahesabiwa kuwa SMS tatu. Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili: ile alama ya juu katika "ng'ara" au "ng'ombe". Ukinakili maneno kutoka kwenye programu ya kuandikia, mara nyingi alama hiyo inakuja ikiwa imepinda, na iliyopinda inashusha kikomo kama emoji. Ifute, uiandike upya ikiwa imenyooka. Kwa watu 200 ni tofauti ya kulipia SMS 200 au 600.

Ametumia laini yake kwa sababu anataka majibu. Kampuni za kutuma SMS nyingi zinaweza kuweka jina la biashara mahali pa namba, na inapendeza, lakini ujumbe wa namna hiyo haujibiki. Kila HAPANA anayoipokea Ijumaa ni kiti anachoweza kumpa mtu aliyeko kwenye orodha ya kusubiri.

Namba za watu si mali ya kuzungushwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Aliyekupa namba kwa ajili ya taarab hakukubali kutumiwa matangazo ya mikopo. Akiandika "niondoe", anaondolewa siku hiyo hiyo.

Jumamosi yenyewe inatosha SMS moja, saa 10 jioni, ikieleza mlango upi wa kuingilia na wapi pa kuegesha gari. Jumapili anawashukuru waliofika, na wale waliolipa wasionekane anawauliza kilichowazuia. Majibu yao anayaandika kwenye daftari lile lile, mbele ya kila namba, kwa ajili ya onyesho litakalofuata.