Ankara ya Leo, Tarehe ya Mwezi Uliopita

Kila mwanzo wa Julai kuna mteja ambaye wenye karakana za samani za Keko, Dar es Salaam, humjua kabla hajashuka kwenye bajaji. Ni ofisa manunuzi wa mradi fulani. Anasalimia vizuri, anauliza habari za nyumbani, kisha anashusha sauti: "Dada, naomba unisaidie kitu kidogo. Ankara niandikie ya tarehe 27 Juni."

Mradi wake umefunga hesabu tarehe 30 Juni, na mfadhili halipii kilichonunuliwa baada ya hapo. Mwenye karakana naye anataka hela yake. Kalamu iko mezani, kitabu cha ankara kiko wazi. Kuna ubaya gani?

Tuchukue oda ya viti 40, kila kimoja shilingi 100,000 kabla ya VAT. Viti 25 vilikuwa tayari na vikapelekwa tarehe 27 Juni. Vile 15 vilichelewa vanishi, vikaondoka na kirikuu tarehe 5 Julai. Leo ni tarehe 8, na mteja anataka ankara moja ya shilingi 4,720,000, yote ya Juni.

Kinachoumbua ankara kama hiyo si mwandiko. Ni namba yake. Kitabu kinakwenda kwa mfuatano, na ukurasa unaofuata ni 433, wakati ankara ya tarehe 30 Juni ilikuwa 418. Mkaguzi akiona 433 ina tarehe iliyo nyuma ya 418, hahitaji kuuliza mara mbili. Halafu kuna risiti ya EFD. Mashine hiyo hairudishwi nyuma. Inachapa tarehe na saa ya siku unayobonyeza, na yeyote mwenye risiti anaweza kuihakiki kwenye verify.tra.go.tz. Ongeza hati ya kupokelea mizigo, leja ya stoo, na lile daftari la mlinzi getini ambalo hakuna anayelikumbuka, lenye namba ya kirikuu na saa kilipoingia. Ili karatasi moja idanganye vizuri, nne nyingine nazo lazima zidanganye.

Anayebaki na mzigo ni muuzaji. Ofisa anaweza kuhama mradi kesho, lakini nakala ya kaboni inabaki Keko. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ina kosa linalohusu nyaraka za kumpotosha mwajiri, na hapo hoja ya "mimi nilimsaidia tu mteja" haikuokoi.

Lakini ombi hili mara nyingi linatokana na kuchanganya tarehe mbili. Tarehe ya ankara inasema karatasi iliandikwa lini. Tarehe ya kupokea mzigo inasema gharama ilitokea lini, na hiyo ndiyo anayoihitaji mhasibu. Viti 25 vilivyopokelewa Juni ni gharama ya Juni hata ankara ikiandikwa Julai. Anaviingiza kama deni la mwaka uliofungwa, akiambatisha hati ya kupokelea.

Kwa hiyo dada wa Keko aandike ankara mbili, zote za tarehe 8 Julai. Ya kwanza, shilingi 2,950,000 pamoja na VAT, iwe na mstari huu: "Viti 25, vilivyopokelewa tarehe 27 Juni", na namba ya hati ya kupokelea. Ya pili, shilingi 1,770,000, iseme viti 15 vilipokelewa tarehe 5 Julai. Kwa upande wake, VAT ya viti 25, shilingi 450,000, ni ya Juni kwa kuwa mzigo ulitoka Juni. Alipaswa kutoa ankara na risiti siku ileile, na kutofanya hivyo ni uzembe wake. Bahati yake ritani ya Juni mwisho wake ni tarehe 20 Julai, hivyo bado ana nafasi ya kuiweka inapostahili.

Vile 15 ndivyo vyenye kesi, na havitibiwi na kalamu ya muuzaji. Ofisa amwandikie mfadhili, aambatishe LPO ya Juni kuonyesha oda ilitolewa kabla ya kufunga, na aombe kibali cha kulipa au kuongezewa muda. Anaweza kukataliwa. Akikataliwa, viti vinalipwa na bajeti mpya au na fungu la taasisi yenyewe, au vinarudi Keko kwa makubaliano.

Ombi moja linafanana na hili lakini halina kosa: mteja aliyepoteza ankara halisi ya Juni. Huyo toa nakala yenye namba na tarehe ileile ya awali, na juu yake andika kwa herufi kubwa: NAKALA.