Kuanza kukimbia kisha miaka 40: vile vitabu vinasema, na vile inawezekana Dilolo

Watu wengi wa kwetu wamekutana na kitabu juu ya kukimbia bila kujua kama ni kitabu. Ni ile tunaita Cooper. Wale waliopita masomo wanakumbuka: mwalimu wa michezo anapiga filimbi, unakimbia dakika 12, kisha wanapima umefika wapi. Jina hiyo ni ya Kenneth Cooper, munganga wa jeshi la anga la Amerika, aliyetoa kitabu chake Aerobics mwaka 1968. Aliwapima askari, vijana wa miaka 20 na kitu.

Sasa papa wa miaka 46 anarudi Dilolo kwa konje. Miaka mingi amekaa juu ya kiti cha kamyo kubwa ya mugodi, saa 12 kwa ekipi, na anaona tumbo linamutangulia mulangoni. Anaamua: kesho naanza. Anawaza nini? Anawaza Cooper. Asubuhi anatoka, anakimbia kwa nguvu zote kama siku za masomo, dakika ya ine anashika kiuno, siku mbili hashuki kitanda muzuri. Kisha anasema: «Mi nimezeeka, mambo ya mbio ni ya batoto.» Na hapo tunasema amepata bahati, kwa sababu pengine si kiuno tu kinachosimama.

Cooper mwenyewe aliliona. Mwaka 1970 alitoa kitabu kingine ambamo mazoezi yamegawanywa kwa umri, na mutu mwenye kupita miaka 30 anaombwa apite kwanza wiki za maandalizi mbele ya kujipima. Lakini mashauri hayo hayakusafiri. Filimbi na dakika 12 njo vilisafiri.

Kwa mutu wa miaka 40 na zaidi, kitabu tunachopenda zaidi ni kingine, kidogo, cha mwaka 1967. Kinaitwa Jogging. Walikiandika wawili: Bill Bowerman, mwalimu wa mbio wa Oregon, Amerika, na Waldo Harris, munganga wa moyo. Historia yake inaanza mbali na Amerika. Mwisho wa 1962 Bowerman alienda Nyuzilandi kumutembelea mwalimu mwenzake Arthur Lydiard. Alikuwa na miaka 51, alifundisha wakimbiaji wakubwa, na alijiona kuwa mutu wa nguvu. Lydiard akamupeleka akimbie pamoja na kundi la watu wa kawaida, papa na mama wa mutaa. Bowerman akabaki nyuma. Mzee moja mwenye kupita miaka 70, ambaye moyo ulikuwa umemushitua zaidi ya mara moja, njo alirudi nyuma kumusindikiza, huku anazungumuza naye. Bowerman hakuwa na pumzi ya kumujibu.

Aliporudi Oregon aliita watu wa muji waje kukimbia. Wakaja wengi mno, na wengi walikuwa wazito na wa miaka mingi. Akaogopa mutu asije akafia uwanjani, akawarudisha nyumbani, akamutafuta Harris. Wakachukua kundi dogo, wakawafuata wiki kwa wiki. Ndiyo maana kitabu chao kina mupango wa wiki 12, na ndiyo maana kinaanza kwa kutembea. Unatembea, unakimbia kipande kifupi, unatembea tena.

Kipimo chao cha mwendo ni kinywa chako mwenyewe. Ukiwa unakimbia, uweze kuzungumuza na mwenzako. Ukishindwa kumaliza salamu, «habari ya nyumbani, batoto bako bazima?», bila kukata pumzi katikati, umezidisha: tembea. Hiyo si mambo ya adabu. Pumzi ikianza kukatika wakati wa kusema, ni alama kwamba misuli inaomba hewa kuliko ile moyo na mapafu vinaweza kuleta. Kwa kijana ni sawa, njo mazoezi yake. Kwa mutu ambaye hajui mishipa ya moyo wake iko namna gani, ni hatari bure.

Kwa mutu wa mugodi kipimo hiki kina faida nyingine. Kama miguu ingali mipya na pumzi tayari imekatika, na inakuwa vile wiki kwa wiki bila kupungua, shida inaweza kuwa mapafu. Mutu aliyefanya miaka mingi ndani ya vumbi la kutoboa na kuponda mawe, na mwenye kikohozi kisichokwisha, aombe radio ya kifua mbele ya kufungua mupango wowote.

Sasa kuna kitabu kingine kilichojulikana kuliko vyote, cha Jim Fixx, cha mwaka 1977. Tunakitaja kwa sababu ya yule mwenye kukiandika. Fixx alianza kukimbia na miaka 35. Alikuwa na karibu kilo 97 na alivuta paketi mbili za sigara kwa siku. Akaacha sigara, akapungua, akaandika, na mamilioni ya watu wakamufuata inje barabarani. Mwaka 1984, tarehe 20 mwezi wa saba, alitoka kukimbia kule Vermont, akaanguka njiani. Alikuwa na miaka 52. Waliopasua mwili walikuta mishipa mitatu ya moyo imezibwa, moja karibu yote.

Watu walisema: mnaona, mbio inaua. Sisi hatulisomi vile. Baba ya Fixx alishituliwa na moyo na miaka 35, akafa na miaka 43. Uzito na sigara za zamani zilikuwa zimekwisha kufanya kazi yao. Na Cooper alieleza kwamba, miezi michache mbele ya kifo, Fixx alifika kwake Dallas, akaombwa apande juu ya mashine wamupime moyo, akakataa. Mbio haikuziba ile mishipa, lakini haikuizibua pia. Mutu alijisikia muzima kwa sababu alikimbia kilometa nyingi, na kujisikia muzima kukamuzuia kupimwa.

Basi turudi kwa papa yetu wa kamyo. Tuseme ana kilo 88, aliacha sigara, na baba yake alikufa ghafula na miaka 50. Neno hilo la baba njo la kumwambia munganga kwanza, hata kama hakuna mutu anayeuliza. Anaenda lopitali, wanapima tansio: 15 kwa 9. Inapita 14 kwa 9, basi hakimbii mpaka munganga amwone. Kama ingekuwa 18 kwa 11, hakuna mbio kabisa mpaka dawa ishushe. Munganga anamuruhusu kutembea sasa na kukimbia polepole baadaye, huku anafuata tansio.

Wiki mbili za kwanza ni kutembea tu, dakika 30, mwendo wa mutu anayechelewa gari la moshi, siku tatu kwa wiki. Kati ya siku mbili anapumzika moja. Wiki ya tatu na ya ine, ndani ya zile dakika 30, anakimbia dakika moja, anatembea mbili, mara kumi. Wiki ya tano mpaka ya saba: mbili kwa mbili. Wiki ya nane mpaka ya kumi: tatu kwa moja. Wiki mbili za mwisho anajaribu dakika tano za mbio na moja ya kutembea, mara tano. Anatembea wakati saa imefika, si wakati amechoka. Jeff Galloway, Mwamerika mwingine, alijenga mafundisho yake yote juu ya neno hilo: pumziko linalokuja mbele ya uchovu linasaidia kuliko lile linalokuja nyuma yake.

Mahali pa hatari katika mupango huu ni wiki ya tano, ya sita. Tunaliona mara kwa mara. Pumzi imefunguka, usingizi ni muzuri, na papa anasema: «Sasa niko fiti, naongeza.» Anaongeza mara mbili. Moyo na pumzi vinajifunza kwa wiki chache, lakini mishipa inayofunga misuli kwa mufupa, zaidi ile kubwa ya nyuma ya kisigino, inahitaji miezi. Damu kidogo inapita mule, na kisha miaka 40 inajitengeneza polepole zaidi. Alama yake inakuja asubuhi: unashuka kitandani, hatua za kwanza unachechemea, nyuma ya kisigino pamekauka kama kamba ya zamani. Ikipotea ndani ya dakika chache, shuka wiki mbili nyuma ndani ya mupango. Ikibaki, au ukibonyeza kwa kidole pahali pamoja na pauma sana, acha mbio, tembea tu mpaka asubuhi iwe safi.

Na huku Dilolo kuna shida moja ambayo vitabu vya Oregon havikuiwaza: muchanga. Njia nyingi za mutaa ni muchanga laini, kisigino kinazama, na ule mushipa unavutwa kwa kila hatua. Watu wanawaza muchanga ni laini basi ni muzuri kwa magoti. Kwa mutu anayeanza, hapana. Tafuta udongo mugumu, ukingo wa barabara mahali magari yamekanyaga, ao uwanja wa mupira kisha mvua kukauka. Kati ya reli pia si pahali pa mbio, kwa sababu mataruma hayafuati urefu wa hatua yako. Na zile bottini za kazi zenye chuma mbele ziache ku kazi: ni nzito na hazikunjiki.

Konje inakwisha, papa anarudi Kolwezi. Juma ya ekipi ya usiku asiongeze kitu: atembee tu kisha kulala, si mbele. Akirudi ekipi ya muchana anaendelea pale alipoacha. Malaria ikimushika, hakuna mbio siku za homa, hata ile «ya kutokesha jasho» ambayo wazee wanashauri. Homa ikiisha anangoja wiki moja, anaanza tena kwa kutembea, na anahesabu wiki mbili nyuma.

Kuhusu kifua, hakuna kungoja. Uzito kifuani unaokuja ukikimbia na kupungua ukisimama, ao unaopanda mukononi na kwa taya, jasho baridi, kizunguzungu: simama pale pale, fika lopitali siku hiyo hiyo, hata kama umekwisha kujisikia muzuri njiani. Mwambie munganga ilianza dakika ya ngapi na ilikwisha namna gani. Kwa hiyo tunapenda mama wa nyumba atoke pamoja naye zile asubuhi za kwanza. Mupango ni ule ule kwa mama, na yeye njo atasikia kwanza kama papa ameacha kujibu.