Umekosa mafunzo ya usalama kwa mjengo? Fanya hivi

Umekosa mafunzo ya kufanya kazi juu ya jukwaa? Usimwambie mwenzako akusainie. Ukianguka, karatasi itaonyesha ulifunzwa.

Mwandikie afisa wa usalama siku hiyo hiyo, hata kwa WhatsApp: "Habari ya kazi, mkubwa. Leo sikufika kwa mafunzo ya jukwaa, nilikuwa kliniki. Yatarudiwa lini? Kwa sasa naomba kazi ya chini." Ujumbe huo usiufute, ni ushahidi wako.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi mafunzo.

Kuelezwa na mwenzako hakutoshi. Ngoja ufunzwe kuvaa mkanda wa usalama na mahali pa kuufunga, kisha usaini mwenyewe ndio upande.