Juu ya nini maziwa yanakatika mu kahawa?

Wengi wenu mliona mambo ya ile siku ya wageni. Mpishi alimimina maziwa ndani ya kahawa ya moto, na mara moja vibonge vyeupe vikapanda juu. Watu wakaanza kusema: «Ule mama wa maziwa anatia maji mu bidoni!» Karibu afukuzwe. Mimi niliwaza juu ya jambo lile, kwa maana tulikwisha kusoma asidi katika shimi, na maji peke yake hayakatishi maziwa. Yanayafanya mepesi tu.

Ndani ya maziwa ya ng'ombe muna proteini, na sehemu kubwa yake, karibu nne juu ya tano, inaitwa kazeini. Kazeini inakaa kama punje ndogo sana zinazoogelea ndani ya maji. Kila punje inabeba juu yake umeme wa negatifu. Unajua kwamba vitu vyenye umeme wa namna moja vinasukumana. Basi punje hazishikamane, na maziwa yanabaki laini. Asidi ikiingia, inaleta umeme wa pozitifu, na ule wa negatifu unapunguka. Tena asidi inatoa kalsiumu iliyofunga punje vizuri. Sasa zikigongana hazisukumani tena, zinashikana. Ndivyo kibonge kinavyozaliwa.

Tunapima asidi kwa pH. Maji safi ni 7, na namba ikishuka asidi inazidi. Maziwa mapya yana karibu 6,7, kahawa karibu 5. Maziwa ya baridi yanaganda yakifika karibu 4,6. Utauliza: kama kahawa ni 5, inayakatisha namna gani? Hapa ndipo moto unaingia. Moto unafanya punje zikimbie na kugongana kwa nguvu, na zile zilizopungukiwa umeme zinashikana mbele ya wakati. Maziwa yanayochemka yanaweza kukatika hata karibu na pH 6.

Nilijaribu mwenyewe. Nilipima maziwa mapya, nusu ya glasi, mara mbili. Katika sehemu ya kwanza nilitia maji matupu. Katika ya pili nilitia nusu kijiko kidogo cha maji ya ndimu, nikiisha kuyachanganya na maji, pole pole nikikoroga. (Ukiitupa ndimu mara moja, vibonge vinatokea pale ilipoangukia, na jaribio limeharibika.) Zikiwa baridi, zote mbili zilikuwa laini, huwezi kuzitofautisha kwa macho. Nikaziweka juu ya makala. Ya kwanza ikachemka vizuri. Ya pili, mbele ya kuchemka, ikakatika yote. Basi moto peke yake haukuweza, na ile ndimu kidogo peke yake haikuweza. Pamoja waliweza.

Sasa turudi kwa ule mama. Maziwa yake yalifika saa moja asubui na yakabaki mbichi ndani ya bidoni hadi saa kumi. Wakati ule wote mikrobu zilikula sukari ya maziwa na kuigeuza asidi, ile ile inayotengeneza mashanza. Pua haikusikia kitu bado, ila pH ilikwisha kushuka. Tena kahawa ilikuwa imekaa juu ya makala tangu asubui, na kahawa inayokaa motoni muda mrefu inazidi kuwa na asidi. Maziwa kidogo ndani ya kahawa nyingi, hapo hayana nafasi! Kosa lilikuwa jikoni kwetu. Niliyaeleza haya kwa mpishi, akacheka kidogo, lakini akaenda kumwambia mama aendelee kuleta.

Leo maziwa yanachemshwa mara yanapofika. Mbele ya kuyatumia jioni, mpishi anachemsha kijiko kimoja juu ya moto: yakifanya vibonge, hayaendi ndani ya kahawa. Yakiwa mazuri, anayapasha kwanza, halafu anamimina kahawa ndani ya maziwa pole pole, si maziwa ndani ya kahawa. Hivi asidi inaingia kidogo kidogo na maziwa yanaimeza. Chai ya majani haina asidi nyingi kama kahawa, lakini anayetaka ndimu aache maziwa.

Na tangawizi je? Hiyo ni hadithi ingine. Tangawizi mbichi ina kitu kinachokata kazeini yenyewe, hata pasipo asidi nyingi. Ila kinakufa kwa moto mkali. Basi chemsha tangawizi mu maji kwanza, dakika kadhaa, halafu ndipo utie maziwa.