Hofu ya Kuachwa na Kiu ya Ujumbe wa Faraja

Tuchukue mfano wa mke akaaye Tanga, ambaye mumewe huendesha lori la mizigo kutoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi kwa njia ya Tunduma, safari yenye masafa marefu yasiyo na mtandao wa simu. Saa mbili usiku humwandikia, "Umefika wapi, baba Salma?", na jibu lisipokuja kwa robo saa moyo humwenda mbio, tumbo humkaza, na fikra moja humshika kwamba amekwisha sahauliwa. Hupeleka ujumbe wa pili na wa tatu, hutazama kama tiki zimegeuka buluu, na mume anapopata mtandao akaandika, "Nakupenda, mama Salma, lala," roho hutulia. Lakini kabla usingizi haujamchukua, huanza kujiuliza kwa nini ameandika kwa mkato namna ile.

Katika utulivu ule wa kitambo ndimo ilimo asili ya taabu. Hofu ikiachwa bila kujibiwa hupanda, hufika kikomo chake, kisha hushuka yenyewe. Lakini ujumbe wa faraja huikata ingali inapanda, na nafsi, ambayo haijapata kuona kwamba kimya huvumilika, huandika sifa yote ya amani ile kwa ujumbe. Tendo liondoalo maumivu hukita mizizi upesi, kwa hiyo mara ya pili mke huyu atauliza mapema zaidi, na jibu lililomtosha jana halitamtosha leo. Fauka ya hayo, majibu huja bila mpango, mara kwa dakika moja, mara baada ya usiku kucha. Na Skinner na Ferster, katika majaribio ya njiwa waliyoyachapisha mwaka 1957, walionyesha kuwa mazoea yanayolipwa kwa nasibu ni magumu mno kufishwa.

Mwanzo wa hofu yenyewe aghalabu ni wa zamani kuliko ndoa. Tabibu Mwingereza John Bowlby alifundisha kwamba mtoto huzaliwa na haja ya kumshika mlezi mmoja aliye karibu, na Mary Ainsworth, aliyefika Uganda mwaka 1954, aliwazuru majumbani akina mama 26 wa vijiji vya karibu na Kampala, akaona kuwa wako watoto waliocheza mbali kwa sababu walikuwa na yakini kwamba mama yupo, na wengine waliolia sana hata wakiwa mikononi mwake. Mwaka 1987 Hazan na Shaver, huko Marekani, waliieneza dhana hiyo katika mapenzi ya watu wazima. Mimi naiona elimu hii kuwa rehema, maana humwondolea mwenye wasiwasi aibu ya kudhani kwamba ana tabia mbovu. Wala si hukumu, kwa kuwa watu wazima wengi hubadilika wakipata mwenzi mwaminifu au tiba.

Dawa, basi, si kumnyima mke huyu majibu kwa ghafula. Yeye na mumewe hupatana, siku ya utulivu, juu ya nyakati za salamu zinazowezekana barabarani, tuseme kabla ya kuondoka asubuhi na lori likisimama usiku, na kwamba kimya cha katikati hakina maana yoyote. Hamu ya kuuliza ikimjia, mke huandika saa na kiasi cha hofu yake kutoka 0 hadi 10, huiweka simu chumba kingine kwa dakika kumi, kisha huandika tena. Na akiona kuwa 8 imekuwa 5 pasipo jibu la mtu, amepata ithibati ambayo hakuna ujumbe uwezao kumpa. Muda huo huongezwa pole pole. Mume naye, akiulizwa swali lile lile kwa mara ya tatu, huacha kuapa upya, husema, "Najua hofu imekushika, mama Salma, tutazungumza usiku kama tulivyoagana," na usiku ukifika hutimiza, maana ahadi ikivunjwa kazi yote huharibika.

Kuna mahali ambapo maelezo haya hayafai. Ikiwa mume kweli hudanganya, hupotea kwa makusudi ili kumtia mkewe adabu, au humpiga, hofu ya mke ni habari ya kweli, na kumfundisha aivumilie ni dhuluma. Kadhalika mtu anayedai nywila ya simu ya mwenziwe, au kumfuatilia kila aendako, amekwisha toka katika kuomba faraja akaingia katika kumtawala. Na wasiwasi ukimnyima mtu usingizi na chakula kwa majuma, ukamtoa kazini, au ukamletea fikra za kujiua, mambo ya daftari na dakika hayatoshi: aende hospitali siku ile ile, aonane na mtaalamu wa afya ya akili, na mwenziwe au nduguye amsindikize.