Kukata Mhadhara Mrefu wa Afya Kuwa Vipande Vifupi: Sharti Lisiachwe Nyuma

Mhadhara wa dakika 50 kuhusu kuharisha kwa watoto husikilizwa ukumbini hadi mwisho, lakini mzazi mwenye simu na kifurushi kidogo cha intaneti hawezi kuufuatilia wote. Kwa sababu hiyo hukatwa vipande vya sekunde 60 hadi 90 na kusambazwa kwenye WhatsApp, Facebook au TikTok. Ugumu wa kazi hii hauko katika kutumia programu ya kuhariria. Uko katika kuchagua mahali pa kukata, kwa kuwa ukumbini kauli ya mhadhiri hukamilishwa na nyingine inayofuata baadaye, ilhali kipande husimama peke yake.

Mfano ufuatao unaonesha jinsi kosa linavyotokea. Katika dakika ya 14 mhadhiri anasema kwamba pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi na salama. Katika dakika ya 17, akimjibu muuguzi, anaongeza kuwa zipo pia pakiti za mililita 500 na za mililita 200, hivyo kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti ndicho kifuatwe. Mhariri anayekata dakika ya 14 peke yake hupata kipande kizuri, chenye sauti safi na ujumbe mfupi. Hata hivyo, mama mwenye pakiti ya mililita 200 akikifuata atampa mtoto maji yenye chumvi na sukari pungufu mno. Naye aliyeizoea chupa ya nusu litakama kipimo chake, akimimina humo pakiti ya lita moja, hupata mchanganyiko mkali unaoweza kuzidisha chumvi katika damu ya mtoto na hata kumsababishia degedege.

Ili kuepuka hatari hiyo, kazi huanza kwenye karatasi. Mhadhara wote huandikwa pamoja na alama za muda, kisha hutafutwa maswali ambayo mgonjwa au mzazi huuliza: ORS huchanganywaje? Zinki hutolewa kwa siku ngapi? Ni wakati gani mtoto apelekwe kituoni? Kila swali huwa kipande kimoja. Chini ya kila swali huorodheshwa masharti yote yanayohusu jibu lake, hata yakiwa yametamkwa mbali. Kwa kipande cha ORS, maneno ya dakika ya 14 huunganishwa na yale ya dakika ya 17, na kati yake huwekwa kibao chenye maneno “Soma kipimo kwenye pakiti yako”, ili mtazamaji ajue kuwa sehemu mbili zimeunganishwa. Kipande cha zinki nacho hakikamiliki kwa kusema siku 10 hadi 14. Lazima kibebe pia kipimo cha kila siku, kama kilivyo katika mwongozo wa tiba unaotumika.

Mahali pengine pa hatari ni pale mhadhiri anapotaja imani potofu kabla ya kuikanusha. Sentensi kama “wengi husema mtoto anayeharisha asinyonyeshwe” haifai kufungua kipande, kwa kuwa anayetazama sekunde chache tu huondoka na kosa lenyewe. Kipande kianze na jibu sahihi, yaani unyonyeshaji uendelee.

Picha nayo ina masharti yake. Mhadhara hurekodiwa kwa upana, ilhali simu hushikwa wima, kwa uwiano wa 9:16. Ukikatwa pande zote mbili, maandishi ya slaidi hukatika, kwa hiyo takwimu muhimu huandikwa upya kwa herufi kubwa. Maneno yanayosemwa huwekwa chini ya picha kwa wanaotazama bila sauti. Slaidi yenye sura ya mtoto mgonjwa huondolewa, kwani ridhaa iliyotolewa kwa ajili ya darasa si ridhaa ya kusambazwa mitandaoni.

Kabla ya kutolewa, kipande hupitiwa na mhadhiri mwenyewe. Kisha huoneshwa kwa mzazi mmoja au wawili ambao hawakuuona mhadhara, nao huombwa waeleze watakachofanya nyumbani. Mzazi akisema “nitamimina kwenye chupa yoyote”, kipande hakijawa tayari, hata kama mhadhiri ameridhika nacho.

Mwisho, jina la idara, mwezi na mwaka wa mhadhara huandikwa ndani ya picha yenyewe. Maelezo yanayoambatana na video hupotea kwa urahisi inapopitishwa kutoka kundi hadi kundi, na nakala iliyokwisha kusambaa haiwezi kurudishwa. Mwongozo wa tiba ukibadilika, tarehe hiyo ndiyo itakayomwezesha muuguzi wa zahanati kutambua kwamba video aliyooneshwa na mgonjwa imepitwa na wakati.