Video ya Akdi Iliyokataa Kufunguka

Kijana mmoja anayepiga video za harusi hapa Tanga alinijia Jumatatu asubuhi na kadi ya kamera aliyoizungushia karatasi ya risiti. "Kaka, akdi yote imo humu," aliniambia, "lakini haifunguki." Betri ilikuwa imezima wakati shehe anaendelea, kabla hajabonyeza kitufe cha kusimamisha. Alipoweka betri nyingine, kamera iliendelea na kazi kama kawaida, ila faili la akdi likabaki na alama ya kuuliza.

Swali langu la kwanza lilikuwa kama ameandika chochote kwenye kadi tangu siku ile. Hakuwa ameandika. Huyo nilimwona ana akili, maana wengi hufanya kinyume: wanairudisha kadi kamerani, wanapiga picha mbili tatu za kujaribu, na picha hizo huenda zikakalia mahali palepale palipokuwa na bwana harusi. Nikaichomeka kadi kwenye kompyuta na kunakili kila kitu bila kufuta wala kubadilisha jina la chochote. Baada ya hapo kadi ikarudi kwenye risiti yake, mimi nikashughulika na nakala.

Faili lilikuwa na ukubwa wa gigabaiti 3.6. Mafaili mengine ya siku hiyo, yaliyokuwa mazima, yalikuwa yakila takriban megabaiti 180 kwa kila dakika moja. Gawanya, utapata dakika 20. Kijana alithibitisha kwamba akdi ilichukua muda kama huo kabla betri haijakata. Hesabu hiyo ndogo huwa naifanya kabla ya kumwahidi mtu lolote. Faili lingekuwa na baiti sifuri, au megabaiti mbili tatu tu, kazi ingekuwa nyingine kabisa, ya kuichimba kadi kwa programu kama PhotoRec, tena kwa matumaini madogo. Hapa mzigo ulikuwepo. Kilichokosekana ni kitu kingine, na kompyuta ilikitaja kwa jina:

```
ffprobe akdi.mp4
moov atom not found
```

Faili la MP4 limegawanyika katika visanduku, na kila kisanduku kina jina la herufi nne. Kinachoitwa `mdat` ndicho kikubwa: humo mna picha na sauti zenyewe, zimepangwa vipande kwa vipande bila nafasi kati yake. Kinachoitwa `moov` ni kidogo sana, lakini ndicho chenye hesabu yote: kipande cha kwanza kinaanzia wapi, kina baiti ngapi, kipi ni picha, kipi ni sauti, kila kimoja kionyeshwe kwa muda gani. Fikiria ghala lililojaa magunia yasiyoandikwa kitu, na daftari la mtunza stoo limepotea. Mchele umo, sukari imo, lakini hakuna anayejua gunia lipi lina nini.

Kwa nini daftari ndilo lipotee na si mzigo? Kwa sababu kamera huliandika mwisho. Wakati inarekodi haiwezi kujua vipande vitakuwa vingapi, kwa hiyo huweka hesabu kichwani mwake na kuiandika kwenye kadi pale unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, hesabu inakufa pamoja na betri.

Kamera nyingine, zikiwemo za GoPro, zikirudishiwa kadi ileile na betri iliyojaa, hujaribu zenyewe kulimalizia faili. Ni njia nzuri, mradi nakala iwe imeshatolewa kwanza. Kamera ya kijana wangu haikuwa na uwezo huo, kwa hiyo nikatumia programu ya bure iitwayo `untrunc`. Hii hulitunga daftari upya. Inahitaji mafaili mawili: bovu, na jingine zima lililotoka kwenye kamera hiyohiyo kwa mpangilio uleule. Kutoka kwenye lile zima hujifunza jinsi kamera hiyo inavyofunga magunia yake, kisha hupita ndani ya lile bovu kuanzia mwanzo, ikihesabu kipande baada ya kipande.

```
untrunc zima.mp4 akdi.mp4
```

Mara ya kwanza nilipata takataka. Sauti ilikuwa mlio wa mkwaruzo, na picha ilisimama baada ya sekunde chache. Nilikuwa nimechukua faili zima la ngoma iliyochezwa asubuhi, na kumbe ngoma kijana aliirekodi kwa fremu 50 kwa sekunde ili aipunguze kasi baadaye, ilhali akdi ilikuwa fremu 25. Kosa hili ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko yote: mtu anajaribu mara moja, anashindwa, anasema video imekufa, na kumbe mfano ndio haukulingana. Nikamtuma kijana akarekodi dakika mbili za barabara kwa kamera ileile, kadi nyingine, fremu 25, ukubwa wa picha uleule, mpangilio wa sauti uleule. Safari hii programu ilitoa faili jipya lenye neno `fixed` katika jina, na shehe akasikika.

Ingekuwa simu, ningeonya mapema kuhusu sauti. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kulingana na mwanga, na nyakati hizo ziliandikwa ndani ya `moov` tu. Daftari jipya linapotungwa, kila fremu hupewa muda sawa, basi midomo na maneno huachana kidogo kidogo, na mhariri hulazimika kuvirudisha pamoja kwa mkono.

Kabla ya kumkabidhi nilikagua faili lote:

```
ffmpeg -v error -i akdi_fixed.mp4 -f null -
```

Amri hii huicheza video yote bila kuionyesha na kuandika kila kosa inalokutana nalo. Iliandika makosa. Nilipoangalia, katika dakika ya 12 uso wa bwana harusi uligeuka miraba ya kijivu kwa karibu nusu sekunde, kisha ukatulia. Sababu yake ni kwamba si kila fremu ni picha kamili. Kamera huandika picha nzima mara mojamoja, na fremu zinazofuata hubeba mabadiliko tu. Kipande kimoja kikiharibika, makosa huendelea kurithiwa mpaka ifike picha nzima nyingine. Nikanakili tena kutoka kwenye kadi kwa kisomaji kingine, nikarudia kazi yote, na miraba ikawa palepale. Maana yake ubovu uliandikwa kwenye kadi yenyewe. Fremu ambayo haipo haitengenezwi na programu yoyote. Anayekuuzia huduma ya kuirudisha anakuuzia picha ya kubuni.

Sauti ya mahali hapo ilikuwa nzima, kwa hiyo niliiacha iendelee, na juu yake nikaweka picha za wazee waliokaa mkekani, zilizopigwa na kamera ya pili. Faili lilitoka na dakika 19 na sekunde 52. Sekunde za mwisho zilikuwa bado hazijafika kwenye kadi betri ilipokata, na hizo hazikupatikana. Kadi haikutumika tena.